Salamu za Idd na Pasaka: jinsi ya kuzipanga zisitoke siku isiyo yake

Salamu ya Idd ikitoka wakati watu bado wamefunga, anayeipokea haichukulii kama kosa dogo la tarehe. Yuko kwenye funga yake ya thelathini, koo limekauka, na simu inamwambia "Idd Mubarak" kutoka kwa duka analonunua kila mwezi. Anaelewa papo hapo kwamba salamu hiyo haikuandikwa na mtu aliyekuwa akimfikiria. Lakini salamu ileile ikichelewa siku moja, inamkuta kwenye Idd Pili, wageni bado wanaingia na kutoka, na anaipokea vizuri kabisa. Mpango wote ninaoueleza hapa umesimama juu ya tofauti hiyo: salamu ya sikukuu inayotegemea mwezi ni afadhali ichelewe kuliko iwahi.

Nitautumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme unasimamia ukurasa wa Facebook na Instagram, WhatsApp ya biashara na orodha ya SMS za duka la kanzu na baibui pale Kariakoo. Wateja wengi wako Dar es Salaam, wengine Unguja na Mombasa, na wachache Maskati. Unataka kupanga salamu za mwaka 2027.

Kwanza, jua kila sikukuu inajulikana lini

Watu huziweka sikukuu zote zinazohama kwenye kapu moja, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Kuhama kwa tarehe si shida. Kinachoamua ni lini tarehe inakuwa ya uhakika.

Pasaka inahama, lakini inajulikana miaka mingi kabla. Ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kikanisa unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, na mwezi huo huhesabiwa kwa majedwali, hautazamwi angani. Ndiyo maana Pasaka haiwezi kuwa kabla ya 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Mwaka 2027 ni Jumapili ya 28 Machi, na hakuna tangazo la usiku litakalobadilisha hilo. Hiyo unaweza kuipanga leo ukalala.

Idd el Fitri iko upande wa pili kabisa. Inajulikana usiku wa kuamkia siku yenyewe, baada ya magharibi, mwezi ukionekana au usipoonekana. Hata kalenda za ukutani huweka maneno ya kwamba sikukuu hii inategemea kuandama kwa mwezi. Mwanzo wa Ramadhani nao ni hivyohivyo.

Katikati kuna mbili ambazo wengi huziogopa bure. Idd el Hajj ni siku ya kumi ya Mfungo Tatu, kwa hiyo mwezi wa Mfungo Tatu ukishatangazwa, una zaidi ya wiki nzima ya kujipanga. Maulidi ni tarehe 12 ya Mfungo Sita, nayo inakupa siku kumi na moja. Kwa hizi mbili, subiri tangazo la mwezi mpya, hesabu, kisha panga ukiwa na utulivu. Kazi ngumu imebaki kwa Fitri, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Kabla hujaenda mbele, fungua kalenda ya simu au ya ofisi uone kama kuna mtu aliyeweka "Idd" ijirudie kila mwaka. Ifute. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa takriban siku 11, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haina kazi tena mwaka huu. Salamu nyingi zinazotoka siku ya ajabu chanzo chake ni kikumbusho cha namna hiyo, kilichowekwa na mtu ambaye pengine alishaacha kazi.

Hesabu kutoka siku ya kwanza ya mfungo

Ukifungua mtandao mwaka mzima kabla, utaona Idd el Fitri ya 2027 imewekwa kuzunguka 9 au 10 Machi. Kwa kupanga bajeti na kuagiza mzigo, hilo linatosha. Kwa kupanga salamu halitoshi, kwa sababu bado hujui Ramadhani yenyewe imeanza lini huku kwenu.

Ramadhani ikishaanza, mambo yanakuwa mepesi. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, basi. Ukiijua siku ya kwanza ya mfungo, Idd inaweza kuwa moja kati ya siku mbili tu. Weka hivi kwenye Excel au Google Sheets:

```
A2   2027-02-08
B2   =A2+28
C2   =A2+29
D2   =A2+30
```

A2 ni siku ya kwanza ya kufunga. Hapa nimechukua kwamba imetangazwa Jumatatu ya 8 Februari. B2 ni siku ya 29 ya mfungo, Jumatatu ya 8 Machi, na jioni yake ndipo mwezi utatafutwa. C2 ni Idd ikiwa mwezi umeonekana, Jumanne ya 9 Machi. D2 ni Idd ikiwa watu wamekamilisha thelathini, Jumatano ya 10 Machi. Kama Ramadhani ya kwenu imeanza siku moja baadaye, badilisha A2 tu, zilizobaki zitajipanga zenyewe.

Idd el Hajj unaipata kwa kuongeza 9 juu ya siku ya kwanza ya Mfungo Tatu, na Maulidi kwa kuongeza 11 juu ya siku ya kwanza ya Mfungo Sita.

Amua mapema unafuata tangazo la nani

Waislamu wa Afrika Mashariki hawaswali Idd siku moja wote. Wapo wanaofuata mwezi ulioonekana nchini au nchi jirani, na wapo wanaofuata mwezi wa kimataifa, popote ulipoonekana. Kila upande una hoja zake za kisheria, na ukurasa wa duka si mahali pa kuzipima. Kinachokuhusu ni kujua tangazo gani litaamua saa ya salamu yako, na kuliandika kwenye mpango kabla usiku huo haujafika.

Kwa duka la Dar es Salaam linalohudumia watu wa kila upande, busara ni kufuata tangazo la Mufti wa Tanzania kupitia BAKWATA, kwa sababu hata mapumziko ya serikali huenda nalo. Kwa wateja wa Unguja kuna Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, na kwa Mombasa kuna Kadhi Mkuu wa Kenya. Mara nyingi wote hukutana siku moja, lakini usichukulie kwamba lazima iwe hivyo.

Maskati ndiko watu huteleza zaidi. Ukisikia "Uarabuni wametangaza Idd", usidhani Oman imo. Mwaka 2025 Saudia na Falme za Kiarabu waliswali Idd el Fitri Jumapili ya 30 Machi, na Oman wakaswali Jumatatu ya 31. Mteja wako wa Maskati angepokea salamu ya Jumapili asubuhi akiwa amefunga. Kwa hiyo kama orodha yako ya SMS ina namba zinazoanza na 968, ziweke kwenye kundi lake peke yake, na kundi hilo lisubiri tangazo la Oman.

Sasa rudi kwenye kanuni ya kuchelewesha, maana inatatua pia tofauti za mwezi. Ukurasa wa Facebook hauwezi kugawanya watu kama orodha ya SMS. Ukisubiri siku ya pili kati ya hizo mbili, waliotangulia wako Idd Pili na waliofuata wako Idd Mosi. Hakuna anayeguswa vibaya.

Andika salamu isiyofungwa na tarehe

Mchoraji wa picha hupewa kazi wiki mbili kabla, naye kwa kutaka kupamba anaweka "9 Machi 2027" chini ya mwezi mwandamo na fanusi. Mwezi usipoonekana, picha imeharibika, na saa 3 usiku mchoraji hapokei simu. Mwambie tangu mwanzo: picha isiwe na tarehe ya kawaida, isiwe na jina la siku. Mwaka wa Hijria unaruhusiwa, maana haubadiliki kwa siku moja; Idd ya 2027 itakuwa ya mwaka 1448.

Maneno nayo yasibebe "leo" wala "kesho". Hii inatosha:

"Idd Mubarak kwako na familia yako. Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu na ibada zetu. Duka litafungwa Idd Mosi na Idd Pili, tutafungua siku inayofuata saa 3 asubuhi."

Tazama tangazo la kufunga duka lilivyokaa. Halitaji Jumanne wala Jumatano, lakini kila msomaji wa huku anajua ni siku gani kwake. Kama kuna wateja walioanza Idd siku moja mapema, ongeza tu tarehe ya kufungua, na uiongeze usiku wa tangazo, siyo kabla.

Kuna sehemu moja inayosahaulika: ujumbe wa kujijibu wa WhatsApp Business. Ule wa `Away message` ukiwekwa kwa `Custom schedule` unaanza kujibu watu kwa tarehe uliyoiandika, uwe umekumbuka au hukukumbuka. Ukiwa umeandika "Tumefunga kwa ajili ya Idd" kuanzia 9 Machi, na kumbe 9 Machi ni funga ya thelathini na duka limefurika watu wanaotafuta kanzu za dakika za mwisho, utapoteza mauzo ya siku kubwa kuliko zote za mwezi. Huo uache umezimwa mpaka tangazo litoke.

Panga kwa siku ya mwisho, kisha iwahishe

Wengi hufanya kinyume: wanaipanga salamu itoke Jumanne ya 9, wakiwa na nia ya kuisogeza kama mwezi hautaonekana. Nia hiyo inategemea wewe kuwa macho, kuwa na bando, kuwa na umeme na kukumbuka nywila, vyote kwa pamoja, usiku ambao nyumba nzima iko jikoni.

Wewe ipange Jumatano ya 10 Machi saa 1 asubuhi. Mwezi ukionekana Jumatatu jioni, unaingia na kuiwahisha hadi Jumanne. Usipoonekana, huna la kufanya, salamu iko mahali pake. Na kama umeugua, umesafiri au mtandao umekatika, salamu itatoka Jumatano, ambayo ni Idd Mosi au Idd Pili. Kwa siku ya mfungo haiwezi kutoka.

Kwenye Meta Business Suite utaiona salamu yako ndani ya `Planner`, nawe unaifungua na kubadilisha siku na saa. Kwa SMS nyingi, mfumo wa kampuni unayonunua SMS huwa na sehemu ya kupanga muda. Kabla ya kuitegemea, jaribu kwa namba yako mwenyewe kuona kama ujumbe uliopangwa unaweza kufutwa au kusogezwa. Kama hauwezi, usiupange kabisa. Uache ukiwa rasimu, uutume kwa mkono asubuhi ya Idd. SMS ikishafika kwenye simu ya mtu haivutiki.

Jioni ya siku ya 29

Jumatatu ya 8 Machi, mtu mmoja na awe na zamu, na jina lake liandikwe. Wakiwa watatu, kila mmoja atadhani mwenzake ameshaangalia. Jua linazama karibu saa 12 na nusu, taarifa huanza kupatikana baada ya hapo, na tangazo lenyewe linaweza kukawia hadi saa 3 au hata zaidi, kwa kuwa habari za kuonekana kwa mwezi hutoka mikoani na lazima zithibitishwe.

Usiku huo makundi ya WhatsApp hujaa barua zenye nembo na video za masheikh wakitangaza. Nyingine ni za kweli, ila ni za mwaka uliopita. Mtu ameiona, ameifurahia, ameisambaza bila kutazama. Kabla hujagusa chochote, tafuta mwaka wa Hijria kwenye barua. Kama haujasomeka 1448, weka simu chini. Kama ni video haina tarehe, iache, nenda kwenye ukurasa rasmi wa BAKWATA au sikiliza TBC. Tangazo la kweli hutaja wazi kwamba mwezi umeonekana na wapi, au haukuonekana na kesho ni kukamilisha thelathini. Maneno ya "inasemekana Tanga wameuona" hayatoshi kuwahisha salamu.

Ukishathibitisha, fanya mambo matatu kwa mpangilio huu: wahisha salamu ya ukurasa, washa ujumbe wa kujijibu wa WhatsApp, kisha panga au tayarisha SMS. Ukurasa uwe wa kwanza kwa sababu ndio unaoonwa na wengi na ndio unaorekebishika. SMS iwe ya mwisho, ukiwa umeshasoma tangazo mara ya pili.

Je, unaweza kutoa salamu usiku huohuo? Ndiyo. Siku ya Kiislamu huanza magharibi, kwa hiyo mwezi ukishatangazwa, Idd imeingia na takbira zimeanza. Mimi binafsi napenda asubuhi, kabla watu hawajatoka kwenda kuswali, kwa sababu usiku ule simu za watu zina salamu za ndugu, na duka si ndugu.

Saa yetu na saa ya kompyuta

Ukiambiwa na mwenye duka "itoke saa 1 asubuhi", unaweka 7:00 AM. Saa 2 usiku ni 8:00 PM. Hilo kila mtu analijua akiwa ametulia, lakini ndilo linaloharibu kazi saa za haraka: mtu anaandika 1:00 AM, salamu inatoka saa 7 usiku wa manane. Mbaya zaidi ni 12:00 AM, yaani saa 6 usiku, maana kompyuta hapo imeshabadilisha tarehe. "12:00 AM, 9 Machi" ni usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Ili usijichanganye, usipange kitu chochote kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri.

Angalia pia mahali pa saa kwenye akaunti. Iwe `Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi`. Zote ni GMT+3 na hazibadiliki mwaka mzima. Akaunti iliyofunguliwa na shemeji aliyeko London inaweza kuwa kwenye saa ya London. Na huko, Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, kwa hiyo pengo la saa tatu linakuwa la saa mbili. Mwaka 2027 Jumapili hiyo ni 28 Machi, ambayo ndiyo Pasaka yenyewe.

Pasaka: tarehe ni rahisi, siku ndani ya juma ndiyo ngumu

Kwa kuwa ofisi hufungwa Alhamisi, makampuni mengi hutuma "Heri ya Sikukuu ya Pasaka" Ijumaa Kuu asubuhi. Mkristo anayeipokea anajiandaa kwenda kwenye Njia ya Msalaba. Ni siku ya mateso na kifo cha Yesu, wengi wamefunga, na salamu ya furaha haina mahali pake. Ipange 28 Machi asubuhi, baada ya mkesha wa Jumamosi. Kama unataka kusema neno kabla ofisi haijafungwa, Alhamisi ya 25 tuma taarifa ya saa za kazi na uwatakie watu Juma Kuu jema, uishie hapo.

Kama una wateja Waorthodoksi, wawe wa Uganda na Kenya au Waethiopia na Waeritrea wa Nairobi, Pasaka yao ya 2027 ni 2 Mei. Mwaka 2028 wote watakutana 16 Aprili. Hao nao wapewe kundi lao kwenye orodha.

Diwali ina kalenda yake ya Kihindu na hujulikana mapema, ila kuna miaka ambayo mwezi mchanga unagusa siku mbili na mahekalu hayakubaliani. Mwaka 2025 wengine waliwasha taa 20 Oktoba na wengine 21. Piga simu hekalu la karibu wiki moja kabla uulize wanaadhimisha lini.

Ikitoka mapema licha ya yote

Kama ni ukurasani, iondoe mara moja, hata kama ina maoni na imeshapendwa na watu. Usiihariri kuwa kitu kingine, kwa sababu yale maoni ya "Bado tumefunga jamani" yatabaki chini yake bila maana. Weka andiko fupi: "Tumetoa salamu ya Idd kabla ya wakati. Tunawaomba radhi mliofunga. Futari njema." Usitaje mfumo wala kijana wa mitandao. Salamu ya kweli itoke siku yake kama kawaida, bila kurudia kuomba radhi.

Kama ni SMS, usitume ya pili siku hiyohiyo kwa orodha nzima. Utakuwa umewasumbua mara mbili na kulipia mara mbili. Jibu wanaolalamika mmoja mmoja, kwa jina. Kisha fungua mpango uone ni nani alikuwa na zamu na ujumbe ulikuwa umepangwa kwa siku ipi. Mara nyingi utakuta umepangwa kwa siku ya C2 badala ya D2, na hapo ndipo pa kurekebisha kabla Mfungo Tatu haujaandama.